Sura ya Sita: Majipu ya Chumba Kimoja

Marshalltown iko kusini mwa katikati ya Johannesburg. Majengo ya makampuni ya madini yamesimama humo jirani na maghorofa ambayo wenyewe waliyatelekeza, yakashikwa na watu wengine, na sasa yanapangishwa chumba kwa chumba, pengine pazia kwa pazia. Alfajiri ya tarehe 31 Agosti 2023 ghorofa moja la namna hiyo, Usindiso, namba 80 Mtaa wa Albert, liliungua na watu 76 wakafa, Watanzania wakiwamo. Kwa siku chache magazeti yakaeleza jinsi watu wanavyoishi humo: kuta za mbao na maboksi, umeme wa kuunga, maji ya kugombea. Kisha magazeti yakahamia mambo mengine. Lakini vyumba vya aina hiyo vipo bado mtaani, na vina maradhi yake madogo ambayo hayaandikwi na mtu. Jipu ni mojawapo.

Tuichukue familia ya mfano. Haina jina na sikuichora kwa kumtazama mtu fulani, ila yanayoipata ni yale ambayo wauguzi wa zahanati huyaona kila wiki. Baba ametoka Tanga, anabeba mizigo kwenye maduka ya jumla. Mama anasuka nywele. Wana mvulana wa miaka 13 na binti wa miaka minne, na kaka yake Mama anaishi nao; Baba humwita shemeji, watoto humwita mjomba. Watu watano, vitanda viwili na godoro moja, taulo mbili kubwa, beseni moja, mashine moja ya kunyolea. Maji yanatekwa chini, ndoo kwa ndoo.

Mwezi wa pili Mjomba akaota jipu kisogoni, siku chache baada ya kunyolewa. Mwezi wa tatu Baba akapata lake pajani. Wa nne, binti akapata mawili takoni. Wa tano likamtokea mvulana chini ya pua. Wa sita likarudi kwa Mjomba, safari hii kwapani. Kila lilipotokea lilikamuliwa, na mkamuaji alikuwa Mama. "Kaka, tulia, bado mzizi," alikuwa akimwambia, huku akibinya kwa kucha za vidole gumba viwili mpaka damu nyekundu itoke. Usaha ulifutwa kwa taulo iliyokuwa karibu.

Kuhusu chanzo walikuwa na maelezo mawili, na hayakuwa ya kijinga. La kwanza, damu chafu: mtu akiota jipu baada ya jipu, damu yake inahitaji kusafishwa, na dawa ya kuisafisha hainunuliwi mbali, kwani soko la dawa za asili la Faraday liko hatua chache tu kutoka hapo. La pili, mzizi: jipu lisipong'olewa mzizi wake linachipua upya. Maelezo yote mawili yanajaribu kujibu swali la haki kabisa, yaani kwa nini ugonjwa unarudi. Kosa lake ni kwamba yote yanatafuta jibu ndani ya jipu au ndani ya mgonjwa mmoja, na jibu halikai huko.

Jipu huanzia kwenye shina la unywele. Bakteria aitwaye stafilokokasi aureasi anaingia kupitia mkwaruzo mdogo, wa wembe au wa nguo inayobana, na kuanza kuzaana chini ya ngozi. Chembe nyeupe za damu zinakimbilia hapo kupambana naye. Aina za bakteria huyu zinazopenda kuleta majipu mara nyingi hubeba sumu inayoitwa PVL, kifupi cha majina ya watafiti walioieleza mwaka 1932, na kazi ya sumu hiyo ni kutoboa chembe nyeupe zikafa. Aina zenye PVL zimeenea sana Afrika. Usaha tunaouona ni mizoga ya askari hao, nyama iliyooza na bakteria walio hai kwa mamilioni. Ule "mzizi" mweupe wa katikati, unaotoka kama uzi mzito, ni nyama iliyokufa tu. Hauchipui. Ukitoka ni vizuri, usipotoka mwili utauyeyusha au utausukuma nje wenyewe.

Wakati hayo yanaendelea, mwili unafanya jambo la akili. Unajenga ukuta wa protini na chembe hai kuzunguka uchafu ule, ili usisambae. Ndiyo maana jipu ni gumu pembeni na laini katikati. Ukuta huo ni mwembamba, na unene wake hauko sawa pande zote. Upande wa juu kuna ngozi, ambayo ni ngumu. Upande wa chini kuna mafuta na mishipa midogo ya damu, ambavyo ni laini. Jipu ni kama mfuko wa nailoni uliojaa maziwa: ukiubinya hupasuka palipo dhaifu, si pale unapotaka wewe. Mkamuaji anaona usaha kidogo uliotoka juu na kuridhika. Haoni ule uliosukumwa chini, ambao kesho utafanya uvimbe uwe mara mbili. Na ile damu nyekundu ambayo Mama aliichukua kuwa dalili ya kumaliza kazi ni ushahidi kwamba mishipa imepasuka, na sasa bakteria na damu wamekutana uso kwa uso.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2015, Rais Magufuli alipoingia Ikulu, Watanzania tumezoea kusikia kutumbua majipu kukitajwa kama sifa. Serikalini sina la kuongeza. Mwilini, kutumbua kunahitaji mtu mwenye kisu safi anayejua pa kukata, jambo ambalo nitalirudia.

Mara nyingi mwili unalimudu hata jipu lililokamuliwa vibaya, na hilo ndilo linalowapa watu ujasiri wa kukamua tena. Lakini stafilokokasi akishaingia kwenye damu anapenda kutafuta makazi: kwenye vali za moyo, kwenye mapafu, ndani ya misuli mikubwa ya paja, na kwa watoto kwenye mifupa karibu na magoti. Mtoto aliyekuwa na jipu, kisha wiki moja au mbili baadaye akapata homa na kuanza kuchechemea bila kuanguka popote, huyo si wa kukandwa mguu nyumbani. Ni wa hospitali siku hiyohiyo.

Jipu la mvulana, lile la chini ya pua, lilikuwa la hatari kuliko yote ingawa lilikuwa dogo kuliko yote. Chora pembetatu usoni: ncha moja juu ya pua, kati ya macho, na nyingine mbili kwenye pembe za mdomo. Mishipa inayorudisha damu kutoka eneo hilo imeungana na mishipa ya macho, nayo inamwaga damu kwenye uwazi ulio nyuma ya macho, chini ya ubongo. Damu humo inaweza kwenda mbele au kurudi nyuma kwa kufuata msukumo, na kidole gumba kinatoa msukumo wa kutosha. Bakteria wakifika kule, damu inaganda, jicho linavimba na kusukumwa nje, mgonjwa anaona vitu viwiliviwili, kichwa kinamuuma kuliko alivyowahi kuumwa. Ni nadra, lakini hata leo, pamoja na dawa zetu, huua. Enzi kabla ya dawa hizo, kipele cha mdomo wa juu kilimuua mtunzi mashuhuri wa muziki wa Urusi, Aleksandr Skriabin, mjini Moscow Aprili 1915, akiwa na miaka 43. Alianza na kipele, akaishia na sumu ya damu, kwa siku chache tu.

Kwa hiyo jipu la usoni haliguswi. Lisibinywe, lisitobolewe kwa sindano, lisipakwe kitu cha kuunguza. Kwa haya ya sehemu nyingine kuna kitu kimoja chenye faida kinachoweza kufanyika nyumbani, nacho ni joto. Kitambaa safi kinachovywa kwenye maji ya moto yanayovumilika, kinakamuliwa, kinawekwa juu ya jipu dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Joto linaleta damu zaidi mahali hapo na kulisaidia jipu liive na kufunguka lenyewe. Kitambaa hicho kisirudi kwenye beseni la familia, kinachemshwa. Likifunguka, linafunikwa kwa shashi kavu, shashi inabadilishwa inapolowa, na mikono inaoshwa kabla na baada.

Likiwa kubwa, au lisipofunguka, linahitaji kukatwa. Muuguzi au daktari hulipima kwa vidole viwili: akibonyeza taratibu upande mmoja na kuhisi maji yakisogea upande wa pili, usaha umekusanyika na kisu kina kazi. Likiwa bado gumu lote, kisu hakitapata kitu. Ngozi inapigwa ganzi, ingawa mgonjwa aambiwe ukweli kwamba ganzi haifanyi kazi vizuri palipo na usaha, ataumia kiasi. Mkato unakuwa mpana kuliko wengi wanavyotarajia, kwa sababu ndani ya jipu kubwa kuna vyumba vidogovidogo, na kila kimoja lazima kifunguliwe. Kisha kidonda hakishonwi. Kinaachwa wazi kipone kutoka chini kuja juu. Kikishonwa, usaha unajifungia tena. Hapo ndipo tofauti ya kukata na kukamua ilipo: kisu kinaupa usaha njia ya kutokea nje, vidole vinausukuma popote.

Baba, kwa lile la pajani, alikuwa amenunua vidonge vya amoksilini kwa rafiki yake, akameza sita vyenye rangi mbili, akaona nafuu na kuacha. Nafuu hiyo haikutokana na vidonge. Karibu stafilokokasi wote wa leo wana kimeng'enya kinachoivunja amoksilini kabla haijafanya lolote. Tabia hiyo ilianza kuonekana tangu miaka ya 1940, penisilini ilipokuwa bado mpya. Dawa zinazofaa ni za ukoo uleule lakini zilizoundwa zisivunjwe, kama flukloksasilini, na hata hizo ni msaidizi wa kisu, hazichukui nafasi yake, maana damu inayobeba dawa haifiki katikati ya usaha. Baba alipata nafuu kwa sababu jipu lilipasuka lenyewe usiku.

Sasa turudi kwenye swali la familia. Majipu sita kwa miezi mitano, kwa watu wanne. Mtu mzima mmoja katika kila watatu hivi anaishi na stafilokokasi aureasi kwenye pua yake, mbele kabisa, pale kidole kinapofika. Hapati homa wala hasikii chochote. Mama, ambaye hakuwahi kuota hata jipu moja, angeweza kuwa ndiye mwenye bakteria wengi kuliko wote. Alikuwa akikamua, akifuta, akishika pua, akimsuka binti, akikunja taulo. Bakteria huyu anaweza kuishi juu ya kitambaa kikavu kwa siku nyingi, hata wiki. Taulo mbili kwa watu watano, mashine moja ya kunyolea inayopita kichwani mwa Mjomba kisha mwa mvulana, godoro wanalolalia mjomba na mpwa wake: tayari una mzunguko ambao hauhitaji damu chafu ya mtu yeyote. Kila kukamua kulikuwa kunatia mbegu mpya kwenye mzunguko huo. Usaha ndio sehemu yenye bakteria wengi kuliko zote, na kukamua huutawanya kwenye vidole, chini ya kucha na kwenye nguo.

Ndiyo maana kumtibu anayeumwa peke yake hakumalizi kazi. Huko Saint Louis, Marekani, Stephanie Fritz na wenzake waliwachukua watoto waliokuwa na majipu na kuzigawa familia makundi mawili. Kundi moja alisafishwa mtoto peke yake. Jingine walisafishwa wote wa nyumba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Baada ya miezi 12, asilimia 72 ya watoto waliosafishwa peke yao walikuwa wamepata jipu jingine, dhidi ya asilimia 52 katika nyumba zilizosafishwa zote. Tarakimu ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza, lakini isomwe kwa macho makavu. Zaidi ya nusu bado waliugua. Anayekuahidi kuyamaliza majipu ya familia kwa dozi moja anakuuzia kitu.

Usafishaji wenyewe ni wa siku tano, wote kwa pamoja, siku zilezile. Marhamu ya mupirosini ya asilimia 2 inapakwa ndani ya kila tundu la pua, kiasi cha kichwa cha kiberiti, asubuhi na jioni. Hiyo huandikwa na daktari au muuguzi. Mwili unaoshwa mara moja kwa siku kwa sabuni ya maji ya kloheksidini ya asilimia 4, isiyoingizwa machoni wala masikioni. Pasipo na kloheksidini, wengine hutumia jiki. Hapa vipimo ni lazima viwe sahihi. Jiki ya Afrika Kusini isiyo na manukato ina asilimia 3.5 ya dawa yake. Kijiko kimoja cha mezani, yaani mililita 15, ndani ya ndoo ya lita 10 kinatoa nguvu sawa na ile inayotumiwa na madaktari wa ngozi. Mtu anajimwagia kuanzia shingoni kushuka, anakaa kama dakika 10, kisha anajisuuza. Mara mbili kwa wiki yatosha. Isichanganywe na dawa ya kusafishia choo wala siki, kwa kuwa hutoa hewa inayochoma mapafu, na mwenye pumu au ngozi iliyochubuka amuulize muuguzi kwanza.

Kwa familia yetu gharama kubwa ilikuwa maji. Watu watano kuoga ndoo nzima kila siku, na mashuka kufuliwa, katika jengo ambalo bomba liko ghorofa ya chini: hizo ni safari nyingi za ngazi. Nadhani madaktari wengi wanaoandika maelekezo haya hawajawahi kupandisha ndoo. Kwa hiyo lazima kuchagua. Kila mtu na taulo yake, hata kama ni nusu ya taulo iliyochanwa, kwanza. Foronya na nguo za ndani zifuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi, pili. Mashine ya kunyolea ifutwe kwa spiriti kati ya kichwa na kichwa. Mablanketi na kuta vinaweza kungoja.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kukamua nyumbani, nayo Mama angeitaja kabla ya zote: hofu ya zahanati. Mwaka 2025 wafuasi wa Operation Dudula walisimama kwenye milango ya zahanati za Johannesburg wakidai vitambulisho na kuwarudisha wageni. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Johannesburg iliwapiga marufuku kufanya hivyo. Lakini hukumu huchukua muda kufika ghorofa ya nne, na jipu halingoji hukumu.

Tuseme wamekwenda, mwezi wa saba, Mjomba na jipu lake la kwapani. Sista anayewahudumia atauliza kwanza kama liko palepale kila mara. Swali hilo lina maana. Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na majipu na ambao hutembea katika baadhi ya familia, hidradenitisi: vivimbe vya kwapani na kwenye kinena, vinavyoanza baada ya kubalehe, vinavyorudi mahali palepale miaka nenda miaka rudi na kuacha makovu kama kamba na vijitundu vinavyounganika chini ya ngozi. Huo hauambukizi, na kusafisha pua za nyumba nzima hakutausaidia. Atagusa pia kama uvimbe una joto. Uvimbe wa shingoni au kwapani unaokua kwa wiki nyingi bila moto wala maumivu makali, ukatoa majimaji, katika mji wenye kifua kikuu kingi kama Johannesburg, ni wa kupimwa kifua kikuu. Daktari mpasuaji Alexander Ogston wa Aberdeen aliona tofauti hiyo chini ya darubini tangu mwaka 1880: katika usaha wa majipu ya moto alikuta vidudu vya duara vilivyoshikana vichala, katika yale ya baridi hakuona kimoja.

La Mjomba lina moto, lina wiki moja, na kwapa lake halina kovu. Sista atalikata na, kwa kuwa ni mara ya pili, atachukua usaha kidogo kwenye kijiti cha pamba upelekwe Maabara ya Taifa, ambako kwa siku mbili tatu watajua ni bakteria gani na ni dawa gani zinamshinda. Atamweleza dalili za kumrudisha mbio: homa na kutetemeka, uvimbe unaoenea kwa saa, jicho kuvimba. Vitabu vingi husema pia utafute mstari mwekundu unaopanda kutoka kwenye jipu. Kwenye ngozi nyeusi mstari huo unaweza usionekane mwekundu kabisa; huonekana kama weusi wa zambarau, au hauonekani ila unauma ukipitisha kidole na una joto.

Kisha atamwomba Baba, aliyekuja kumsindikiza tu, anyooshe kidole. Majipu yanayojirudia ni sababu tosha ya kupima Virusi vya Ukimwi na sukari, na mtu mwenye umri wa Baba ambaye jipu lake la paja lilichukua wiki sita kufunga ndiye wa kuanza naye. Kipimo cha kwanza, hasi. Kipimo cha sukari kinasoma 14.2, na Baba tangu asubuhi amekunywa chai ya rangi tu, bila sukari.